Kufunga oda za Idi: tarehe ya mwisho mnaipataje, na mteja wa mkoani mnamwambia nini?

Mshoni wa Tandika

Wakuu, habari za humu. Nashona kanzu na abaya Tandika, Dar es Salaam. Nina mafundi watatu wa cherehani na fundi mmoja wa darizi. Wateja wananipata kwenye stetasi ya WhatsApp na Instagram. Kama nusu yao wako hapa Dar, waliobaki ni wa Mwanza, Dodoma, Mbeya na Unguja.

Naomba tujadili tarehe ya mwisho ya kupokea oda. Ramadhani ya mwaka huu 2025 niliandika hivi: "Mwisho wa oda ni tarehe 20 Ramadhani. Oda zote zitafika kabla ya Idi inshallah." Tarehe 20 sikuihesabu. Niliiona kwa wenzangu nikaichukua.

Kilichotokea bado kinaniuma. Jumamosi tarehe 29 Machi mchana mteja wa Mbagala alinipigia: "Dada, sisi kesho tunasali, nakuja kuchukua." Mimi nilikuwa nimemwambia aje Jumapili jioni, kwa sababu kwa hesabu yangu Idi ilikuwa Jumatatu. Kanzu yake ilikuwa mezani, mkono mmoja umeshonwa na shingo haijapita kwa fundi wa darizi. Alikuja, akaiona, akaondoka bila kusema neno. Siku hiyo nilikuwa na kanzu 17 za namna hiyo. Nyingine 9 za Mwanza zilikuwa zimeshatumwa kwa basi lakini zilifika Idi pili.

Sitaki kurudia. Ramadhani ijayo inatarajiwa katikati ya Februari, kwa hiyo muda wa kujipanga upo. Tarehe ya kufunga mnaihesabuje? Na mteja wa mkoani mnamwambia mzigo utafika lini?

Duka la Zuu

Pole sana dada. Mimi nipo Darajani, Unguja, biashara ni hiyo hiyo. Dawa yake nyepesi. Tangaza mwisho tarehe 10, halafu wewe moyoni ujue mwisho ni 20. Watakaochelewa wapokee kimya kimya. Na uongeze mafundi wawili wa cherehani kwa mwezi huo mmoja. Hapo utamaliza.

Kijana wa Kontena

Kwenye muda wa kufika msidanganyane. Wakala wa Guangzhou atakwambia meli siku 30, wewe mwambie mteja wako 45, maana kuna kusubiri kontena lijae na kuna kutoa mzigo bandarini. Halafu mwaka mpya wa Kichina mwaka ujao ni tarehe 17 Februari 2026. Viwanda vinaanza kupungukiwa watu wiki moja au mbili kabla, na baada ya sikukuu wafanyakazi wanarudi mdogo mdogo. Oda ukiiweka Januari katikati usitegemee chochote mpaka Machi. Mimi oda za simu na vioo vya simu nafunga Desemba mwanzoni.

Mshoni wa Tandika

Kaka Kontena, asante, ila mimi siagizi nje. Nashona hapa hapa na kutuma kwa basi.

Kijana wa Kontena

Samahani dada, nilisoma haraka. Lakini kitambaa chako kinatoka wapi? Kama unanunua majora Kariakoo, mwenye duka anaagiza huko huko. Mwaka huu ujao Ramadhani na mwaka mpya wa Kichina vinakaribia kugongana. Rangi ikiisha Kariakoo mwezi wa pili, hairudi kabla ya Idi. Ukitaka kitambaa kiwe stoo Shaaban ikianza, yaani karibu tarehe 20 Januari, kinatakiwa kiwe kimepakiwa mwanzoni mwa Desemba. Muulize mwenye duka lako leo.

Mshoni wa Tandika

Hilo sikuwa nimeliwaza kabisa. Kesho naenda.

Mzee Cherehani

Binti yangu, nimeshona Tanga kwa miaka mingi na sasa naongoza karakana ya watu saba. Kabla hatujataja tarehe nijibu swali moja. Kwa siku moja ya Ramadhani, kanzu ngapi zinatoka kwako zikiwa zimekwisha? Sikuulizi ngapi zinashonwa. Nauliza zilizopigwa pasi, zikakunjwa na kuingia kwenye mfuko.

Usinijibu kwa kukumbuka. Fungua daftari, au angalia tarehe ulizokuwa ukitumia wateja picha za kanzu zilizokamilika, uhesabu siku kwa siku.

Mshoni wa Tandika

Shikamoo mzee. Nimekaa na daftari na simu saa mbili nzima. Siku zote nasema karakana yangu inatoa kanzu 12 kwa siku, na kweli kabla ya Ramadhani zipo siku tulifika 12, hasa zile zisizo na darizi. Lakini ndani ya Ramadhani, kanzu za darizi zilizokamilika ni 6 kwa siku. Siku nyingine 7, siku nyingine 4. Cherehani zilishona hata 9, ila nyingi zililala kwenye kapu zikisubiri shingo na kifua.

Nimeshtuka. Nilikuwa napokea oda kwa kichwa cha 12.

Mzee Cherehani

Marahaba mwanangu. Sasa umeona kwa nini ushauri wa Bi Zuu wa kuongeza mafundi wa cherehani ni mzuri nusu. Ukiongeza wawili, kapu la kusubiri darizi litajaa zaidi, na kanzu zitakazotoka mlangoni zitabaki 6. Uwezo wako wa siku ni wa yule fundi mmoja wa darizi. Ukimpata wa pili mwenye mashine yake na mkono mnaoufahamu, hapo hesabu inabadilika. Lakini fundi mzuri wa darizi huwezi kumpata Ramadhani imeshaanza, kila mtu amemshika wake. Mtafute sasa.

Tarehe tunaihesabu kinyumenyume, kutoka siku ya kuvaa kurudi kwenye cherehani.

Siku ya kuvaa ni lini? Hapa ndipo ulipoanguka mwaka huu. Mwezi wa Ramadhani una siku 29 au 30, hutajua mpaka uandame. Juu ya hilo, wapo wanaofuata mwandamo wa hapa nyumbani na wapo wanaofuata taarifa za mwezi wa nje. Mwaka huu wengine walisali Jumapili tarehe 30 Machi na wengine Jumatatu tarehe 31. Mteja aliyetangulia kufunga kwa siku moja na mwezi wake ukawa wa siku 29, Idi yake ni tarehe 29 Ramadhani ya kalenda yako. Kwa hiyo kama wewe umeanza kufunga siku moja nyuma ya wengine, Idi ya mapema kabisa unayopaswa kuihudumia ni hiyo 29. Hesabu kutoka hapo, siku zote.

Sasa mchukue mteja wa Mwanza. Kanzu iwe mkononi mwake tarehe 26, ili ajaribu, na kama mikono ni mirefu fundi wa jirani aikunje. Kati ya kwako na mkono wake mpe basi siku tatu. Najua basi lenyewe halimalizi siku moja, lakini siku tatu hizo zina sababu, na wa mabasi wapo humu watasema. Basi mzigo uondoke tarehe 23. Ili uondoke 23, uwe umekwisha na kufungwa tarehe 22.

Mnafanya kazi siku zote?

Mshoni wa Tandika

Ijumaa hatushoni.

Mzee Cherehani

Vizuri. Kutoka tarehe 1 mpaka 22 kuna Ijumaa tatu. Zinabaki siku 19. Mara kanzu 6, ni kanzu 114. Usiziuze zote. Weka 14 pembeni kwa ajili ya umeme kukatika, fundi kuugua na kanzu zitakazorudi kurekebishwa. Una nafasi 100 za kuuza.

Je, Ramadhani ikianza unakuwa tayari na oda za Shaaban ambazo hazijashonwa?

Mshoni wa Tandika

Ndiyo. Mwaka huu zilikuwa 38 zilizolipiwa advansi.

Mzee Cherehani

Basi zimebaki 62. Sasa angalia meseji zako za malipo uone kumi la kwanza oda zinaingia ngapi kwa siku.

Mshoni wa Tandika

Nimehesabu. Kumi la kwanza ni kama 7 kwa siku. Baada ya tarehe 15 zinapanda, zipo siku niliingiza 15.

Mzee Cherehani

62 gawanya kwa 7, siku tisa kasoro. Oda za mikoani zenye darizi zinajaa kati ya tarehe 8 na 9 Ramadhani. Wewe ulitangaza tarehe 20.

Ndiyo maana mimi sitangazi tarehe peke yake. Natangaza nafasi na tarehe, kitakachotangulia ndicho kinafunga. Nafasi 62 zikijaa tarehe 6, nafunga tarehe 6. Na wa mbali wanashonewa kwanza. Wa Dar wana siku za ziada kwa sababu hawana basi. Tarehe 23 mpaka 26 ukitoa Ijumaa ni siku tatu, kanzu 18, za kuja kuchukua dukani tu. Wa mwisho anachukua tarehe 27.

Abaya zisizo na darizi hazipiti kwa yule fundi, kwa hiyo zihesabie foleni yao peke yao. Hizo unaweza kuendelea kupokea baada ya kanzu za darizi kujaa. Na kanzu za tayari, zile za 54, 56, 58, hazina foleni kabisa, zinakatwa na basi tu. Hizo mteja wa Mwanza anaweza kununua mpaka tarehe 21 au 22.

Mpokea Mizigo Mbezi

Nafanya kazi ofisi ya mizigo, stendi ya Mbezi. Mzee amenitaja bila kunijua, basi niseme zile siku tatu zinakwenda wapi.

Siku za kawaida mtu analeta kifurushi jioni, kinapanda basi la usiku au la alfajiri, kesho yake kipo Mwanza. Hiyo siku moja mnayoijua ni ya kweli, ila ni ya mwezi wa tano. Wiki ya mwisho kabla ya sikukuu abiria anakuja na mabegi matatu, ndoo, na mfuko wa mchele. Buti ni la abiria kwanza. Kifurushi chako cha kilo moja kinabaki ofisini kusubiri basi la kesho, na kesho hali ni ile ile. Nimeona mizigo ikilala mara mbili.

Kikifika huko kinashushwa ofisini, labda usiku wa manane. Mpokeaji anapigiwa simu asubuhi, kama namba inasomeka na kama simu inapatikana. Mteja naye yuko kazini, anakuja kesho. Hapo siku tatu zimekwisha na hakuna aliyefanya kosa kubwa.

Wauzaji mnaweza kupunguza hili. Leteni mzigo kabla ya jioni, kwa sababu unaoletwa saa ya basi kuondoka ndio wa kwanza kubaki. Funga kwa nailoni halafu kiroba, andika jina na namba mbili za simu kwa kalamu nene pande zote mbili. Kila siku naona karatasi iliyobandikwa kwa gundi imebanduka, mzigo umekuwa hauna mwenyewe. Piga picha risiti na umtumie mteja siku hiyo hiyo, pamoja na namba ya basi na namba ya ofisi ya kule.

Kwa wanaouza Krismasi, njia ya Moshi na Arusha ni nzito zaidi kuliko hii ya Idi. Krismasi tarehe yake inajulikana, lakini watu hawasafiri tarehe 24 tu. Kuanzia kama tarehe 18 Desemba mabasi yamejaa watu wanaokwenda nyumbani na mizigo yao. Muuzaji anayehesabu siku kutoka tarehe 25 amechelewa wiki nzima.

Duka la Zuu

Kwa boti je? Dar na Unguja ni saa mbili tu.

Mpokea Mizigo Mbezi

Boti silijui vizuri dada, mimi ni wa mabasi. Ila mtu wa kwenda kupokea bandarini ndiye anayechelewesha, siyo bahari.

Duka la Zuu

Hilo kweli. Na wa Pemba wasihesabiwe kama wa Unguja. Mzigo wa Pemba ukishafika kwetu unasubiri tena chombo kingine, na siku za sikukuu kinajaa watu. Mimi wa Pemba nawapa siku nne.

Binti wa Kirumba

Mimi ni mnunuzi, si muuzaji, naomba niseme upande wetu. Nipo Mwanza. Mwaka huu nilimwagizia baba kanzu kutoka kwa muuzaji mmoja wa Dar, siyo dada wa Tandika. Tarehe 22 Ramadhani nikauliza, nikajibiwa "iko njiani". Tarehe 24, "iko njiani". Tarehe 26 nikaomba namba ya basi, kimya. Baadaye nikajua ilipanda basi tarehe 27. Siku zote zile ilikuwa bado kwenye cherehani.

Baba alisali Idi na kanzu ya mwaka juzi, na hakulalamika hata kidogo. Iliyoniuma ni kwamba tarehe 22 ningeambiwa haijashonwa, ningekwenda mjini nikanunua ya tayari siku hiyo hiyo. Maduka yalikuwa wazi, pesa ilikuwepo. "Iko njiani" ndiyo iliyoninyima nafasi hiyo. Mteja akiambiwa mapema ana njia nyingine. Akiambiwa tarehe 28 hana.

Mshoni wa Tandika

Binti, nimesoma ujumbe wako mara mbili. Na mimi niliwahi kuandika "iko njiani" nikimaanisha kesho naipeleka stendi. Niliona siyo uongo. Kumbe ni uongo kwa anayesubiri.

Mzee Cherehani

Tumieni maneno matatu tu, kila moja na maana yake. "Iko kwenye foleni" maana yake haijakatwa. "Inashonwa" maana yake imekatwa. "Imepakiwa" maana yake risiti ya basi ipo, na picha yake inaambatana na ujumbe. Hakuna la nne.

Duka la Zuu

Mzee nakuheshimu, ila bado natetea mbinu yangu ya kutangaza 10 na kupokea mpaka 20. Hizo siku kumi za siri zinaniokoa. Tena kufunga tarehe 8 ni kufukuza pesa. Oda nyingi zinakuja baada ya mshahara kutoka na baada ya tarehe 15. Nikifunga, wanakwenda duka la pili.

Mzee Cherehani

Bi Zuu, kuweka akiba ya siku ni sawa, na mimi nimemwekea binti kanzu 14 za akiba. Tofauti ni kwamba akiba yangu haiuzwi. Ya kwako unaiuza kimya kimya, kwa hiyo ikifika tarehe 25 huna akiba tena. Na wateja wanajifunza. Mwaka wa kwanza anabembeleza tarehe 12, unampokea. Mwaka wa pili anakuja tarehe 18 kwa sababu anajua ile 10 si ya kweli. Aliyekuamini akalipa tarehe 9, kanzu yake inasubiri foleni moja na ya aliyekuja 18.

Kuhusu pesa sikatai. Zipo oda utakazopoteza. Ila fanya hesabu ya zile ulizorudisha pesa, nauli ya basi uliyolipa mara mbili, na kitambaa kilichokatwa kwa vipimo vya mtu ambaye hataki tena.

Mshoni wa Tandika

Nimefanya hiyo hesabu. Kanzu 17 zile, watu 6 niliwarudishia pesa zote. Kanzu zao 4 ziliuzwa baadaye kwa bei ya chini, 2 bado zipo kabatini. Moja ni ya mtu mrefu sana, inchi 62, sijampata wa kuivaa.

Keki za Nakuru

Habari zenu kutoka Kenya. Mimi naoka keki, kwa hivyo yangu ni tofauti kidogo, lakini nauliza. Keki siwezi kuioka wiki moja kabla ya Krismasi nikaiweka. Oveni yangu inatoa keki 8 kwa siku na zote zinatakiwa tarehe 23 na 24. Hii hesabu ya kurudi nyuma inanisaidia aje?

Mzee Cherehani

Mama, kwako siku za kuoka ni mbili tu, kwa hiyo nafasi ni 16, hata oda zije kuanzia Oktoba. Toa mbili za kuungua. Sijui keki, lakini nadhani tarehe haina kazi kwako. Hesabu nafasi.

Keki za Nakuru

Ziko zingine za matunda makavu zinaweza kukaa. Hizo naweza kuoka mapema, zile mbichi za krimu ndizo nizihesabu kwa nafasi. Nimeelewa, asante mzee.

Mshoni wa Tandika

Nimeandika tangazo. Naomba mlikosoe kabla sijalihifadhi:

"Wapendwa wateja, oda za Idi zimefunguliwa. Tunapokea mpaka tarehe 8 Ramadhani. Mzigo utafika ndani ya siku 1 hadi 3. Karibuni sana, inshallah hatutawaangusha."

Binti wa Kirumba

Siku 1 hadi 3 kuanzia lini? Mimi nikisoma hivyo naelewa nikilipa leo, keshokutwa ninayo.

Mpokea Mizigo Mbezi

Na usiandike 1. Mteja ataishika hiyo moja, ile tatu hataisoma.

Mzee Cherehani

Mteja anataka kujua tarehe mbili: lini inatoka kwako, na lini aitarajie mkononi. Mpe tarehe kamili, hesabu ya siku mwachie stendi. Na inshallah ibaki, ni neno letu na tunalimaanisha. Ila ije baada ya tarehe, isikae mahali pa tarehe.

Mshoni wa Tandika

Jaribio la pili:

"Oda za kanzu za darizi kwa mikoani: nafasi 62. Tunafunga zikijaa au tarehe 8 Ramadhani, kitakachotangulia. Kanzu yako itapakiwa basi si zaidi ya tarehe 23 Ramadhani, tutakutumia picha ya risiti siku hiyo. Itarajie kati ya tarehe 24 na 26. Ikifika tarehe 20 bado haijakatwa tutakupigia simu sisi wenyewe, na ukitaka pesa yako utarudishiwa yote siku hiyo. Dar: nafasi 18 za ziada, kuchukua dukani mwisho tarehe 27. Kanzu za tayari 54 hadi 60 kwa mikoani: mwisho kulipia tarehe 21. Inshallah."

Binti wa Kirumba

Hili ningelilipia. Pale pa tarehe 20 ndipo penye thamani kwangu, kwa sababu siku hiyo bado naweza kwenda dukani.

Duka la Zuu

Kurudisha yote? Kitambaa je? Mimi nakata gharama ya kitambaa.

Mshoni wa Tandika

Kama haijakatwa kitambaa bado ni changu, dada. Ikishakatwa ndipo sijajua.

Kijana wa Kontena

Ikishakatwa na wewe ndiye uliyechelewa, rudisha yote. Mteja akibadili mawazo mwenyewe, hapo kata.

Duka la Zuu

Na anayekuja tarehe 15 akasema nalipa mara mbili, nishonee tu? Mimi nampokea.

Mzee Cherehani

Wapo mafundi wazuri wanaopokea. Mimi sipokei, kwa sababu ili yake ipite mbele kuna ya mwingine inarudi nyuma, na huyo hajaulizwa. Lakini kama una nafasi katika zile 14 na umeshavuka tarehe 18 salama, sitakulaumu.

Mshoni wa Tandika

*Mrejesho, Ramadhani imeshaanza.*

Wakuu nimerudi. Kitambaa nilichukua mapema, na rangi ya maziwa ambayo nilikuwa nanunua siku zote imekwisha dukani tangu wiki iliyopita, kama alivyosema kaka Kontena. Fundi wa pili wa darizi sikumpata. Kwa hiyo zimebaki kanzu 6 kwa siku.

Nafasi 62 zimejaa jana usiku, tarehe 7. Nimebandika kwenye stetasi: "Kanzu za darizi mikoani zimejaa." Asubuhi nimekuta meseji 11. Mama mmoja wa Mbeya amenibembeleza kwa sauti, anataka kanzu tatu za wanawe. Nimemtumia picha za kanzu za tayari na vipimo vya urefu kutoka begani, akawapima watoto kwa utepe na kuchagua tatu. Nimezipeleka stendi leo hii, risiti anayo. Wengine wanane hawakujibu tena.

Moja limenisumbua. Umeme ulikatika siku mbili mfululizo mchana na tumepoteza kama kanzu 5 kati ya zile 14 za akiba, na bado tupo tarehe 8. Mzee, nikifika tarehe 15 akiba ikiwa imekwisha nifanye nini?

Mzee Cherehani

Usingoje 15. Akiba ikibaki 4 tu, wapigie wale wa mwisho kwenye foleni siku hiyo hiyo, ukianza na wa mbali zaidi. Waeleze na uwape uchaguzi. Na Ijumaa moja waombe mafundi kwa heshima waje baada ya swala, uwalipe zaidi, wakikubali. Wakikataa usiwalazimishe.

Duka la Zuu

Na mimi niseme. Mwaka huu nimejaribu ya mzee. Nimefunga kweli juzi kwa hesabu ya nafasi. Wateja wangu watatu wa zamani wamekwenda kwa jirani yangu hapa Darajani, nimewaona kwa macho yangu wakiingia. Jirani anapokea mpaka 25. Sijui kama watarudi kwangu Idi ya kuchinja.